Kimo na Upana wa Grafu ya Mstari: Namna ya Kupima Umbo Kabla ya Kuusoma Mteremko

Nimekuwa nikichora grafu za kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walioko kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi, na kosa ninaloeleza hapa nililifanya mwenyewe. Katika mkutano mmoja nilileta grafu mbili za takwimu zile zile. Moja ilikuwa kwenye kijarida, imebanwa katika safu nyembamba yenye upana wa sentimita 5.5 na kimo cha sentimita 9, na nyingine niliionyesha ukutani kwa projekta, imetandazwa kama mkeka ili iache nafasi ya maelezo chini yake. Mama mmoja, mjumbe wa kamati, alikunja kijarida kwenye grafu, akakiinua usawa wa macho ili akilinganishe na ukuta, kisha akaniita: "Mwanangu, huku mkononi maziwa yameporomoka, kule ukutani yanashuka taratibu. Sisi tushike lipi?" Hakuna namba niliyokuwa nimeikosea. Nilichokosea ni umbo.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulipata umbo hilo kwa hesabu badala ya kubahatisha. Takwimu ni wastani wa lita zilizokusanywa kwa siku katika kila mwezi, na nimezifanya namba nyepesi ili hesabu ifuatike: Januari 410, Februari 400, Machi 420, Aprili 460, Mei 500, Juni 510, Julai 490, Agosti 460, Septemba 430, Oktoba 410, Novemba 430, Desemba 460. Maziwa yanapanda majani yanapokuwa mengi wakati wa masika, yanashuka wakati wa kiangazi, kisha yanarudi na mvua za vuli.

Hatua ya kwanza: fahamu kwamba pembe ya mstari haimo ndani ya takwimu

Mlima unapopimwa, kimo ni mita na umbali pia ni mita, kwa hiyo mteremko wake una pembe moja tu ya kweli. Grafu yetu haiko hivyo, kwa sababu mhimili wima unahesabu lita ilhali mhimili mlalo unahesabu miezi, na hakuna kanuni inayosema lita moja ni sawa na miezi mingapi. Anayeamua ni mchoraji, pale anapoamua mwezi mmoja uchukue sentimita ngapi za karatasi na lita ishirini zichukue sentimita ngapi.

Chukua mshuko wa Juni hadi Oktoba, ambapo lita 510 zilipungua hadi 410, yaani kwa wastani lita 25 kila mwezi. Mhimili wima unaanzia 400 na kuishia 520, kwa hiyo una lita 120 kwa jumla, na miezi 12 ina nafasi 11 kati yake. Katika grafu ya kijarida, mwezi mmoja ulichukua nusu sentimita tu, na lita 25 zikachukua karibu sentimita 1.9, hivyo mstari ukashuka kwa nyuzi 75, karibu kama ukuta wa nyumba. Grafu ya projekta, ikipunguzwa hadi ienee kwenye ukurasa, ilikuwa na upana wa sentimita 16.5 na kimo cha sentimita 3. Humo mwezi mmoja ulichukua sentimita 1.5 na lita 25 zikachukua sentimita 0.6 hivi, na mshuko ule ule ukawa wa nyuzi 23. Yule mama alikuwa amesoma sawasawa kile kilichochorwa mahali pote pawili.

Hatua ya pili: tafuta badiliko la kawaida kati ya mwezi na mwezi

Andika tofauti kati ya kila mwezi na unaoufuata, bila kujali kama ni kupanda au kushuka. Kwa takwimu zetu unapata 10, 20, 40, 40, 10, 20, 30, 30, 20, 20 na 30. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua iliyo katikati. Kwa kuwa ziko 11, ya katikati ni ya sita, nayo ni 20. Ninachukua namba ya katikati na si wastani, kwa sababu mwezi mmoja wenye msukosuko, kwa mfano mwezi ambao barabara ilikatika na maziwa hayakufika kituoni, unaweza kuuvuta wastani na kuliharibu umbo la grafu nzima. Kama thamani haibadiliki katika miezi mingi, namba ya katikati inaweza kutoka sifuri. Ikiwa hivyo, ziondoe sifuri kwanza ndipo uitafute upya.

Hatua ya tatu: lipe badiliko hilo pembe ya nyuzi 45

Wazo hili lilitolewa na mtakwimu wa Marekani William Cleveland pamoja na wenzake katika miaka ya 1980, na sababu yake inaeleweka ukichora. Tunapoisoma grafu ya mstari tunalinganisha pembe: kipande hiki kimesimama zaidi ya kile, kwa hiyo badiliko lake ni kubwa zaidi. Jicho linalinganisha vizuri pale pembe zinapoachana sana. Badiliko la lita 20 na badiliko la lita 40 ni moja mara mbili ya jingine, lakini katika grafu nyembamba ya kijarida la kwanza lilikuwa na nyuzi 72 na la pili nyuzi 81, tofauti ambayo msomaji haioni bila kipimapembe. Grafu iliyolala ina udhaifu wa upande wa pili, kwa kuwa mabadiliko madogo ya lita 10 na lita 20 yalisogeleana kwenye nyuzi 9 na 18. Pembe zinaachana zaidi pale zinapokuwa zimeizunguka 45, na ndiyo maana tunalisimamisha badiliko la kawaida hapo hapo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ili lita 20 kwa mwezi ziwe nyuzi 45, lita 20 zichukue kimo kilicho sawa na upana wa mwezi mmoja. Ukurasa wangu una sentimita 16.5 za kuchorea, nikizigawa kwa nafasi 11 napata sentimita 1.5 kwa mwezi. Kwa hiyo lita 20 nazo zichukue sentimita 1.5, na kwa kuwa lita 120 ni sita mara 20, kimo kinakuwa sita mara 1.5, yaani sentimita 9. Katika umbo la 16.5 kwa 9, badiliko la lita 10 lina nyuzi 27, la lita 20 lina 45, na la lita 40 lina 63. Mshuko wa kiangazi unakuwa na nyuzi 51: unaonekana wazi, ila hautishi.

Angalia kwamba ukibadili mwanzo wa mhimili wima, umeibadili pembe pia. Mtu akishikilia mhimili uanzie sifuri hadi 520 katika kimo kile kile cha sentimita 9, badiliko la kawaida linalala hadi nyuzi 13. Na akitaka kulirudisha kwenye 45 atahitaji kimo cha sentimita 39, karatasi ambayo sijui ataibandika wapi. Grafu ya nguzo lazima ianzie sifuri kwa sababu msomaji analinganisha urefu wa nguzo. Grafu ya mstari haina sharti hilo, mradi namba za mhimili zisomeke waziwazi na msomaji asiachwe adhani kwamba chini ya mstari ndipo maziwa yanapokwisha.

Hatua ya nne: pima eneo la kuchorea, si fremu ya picha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika baada ya hesabu kuwa sahihi. Vipimo vya 16.5 kwa 9 ni vya kile kisanduku ambamo mstari unapita, kuanzia mhimili hadi mhimili. Ukiviandika kwenye sehemu ya ukubwa wa picha nzima katika programu ya jedwali, kichwa cha grafu na majina ya miezi vitakula sentimita kadhaa za kimo, na kisanduku chenyewe kitabaki kimelala. Katika Python uwiano wa kisanduku unawekwa moja kwa moja:

```python
import matplotlib.pyplot as plt

lita = [410, 400, 420, 460, 500, 510,
        490, 460, 430, 410, 430, 460]
fig, ax = plt.subplots()
ax.plot(range(1, 13), lita)
ax.set_xlim(1, 12)
ax.set_ylim(400, 520)
ax.set_box_aspect(9 / 16.5)
plt.show()
```

Usichanganye `set_box_aspect` na `set_aspect`. Ya kwanza inapanga kimo kwa upana wa kisanduku, ilhali ya pili inapanga uhusiano wa vizio vya mihimili, na ukiiandika `set_aspect(1)` hapa utapata mnara mwembamba usiosomeka, kwa sababu lita moja italingana na mwezi mzima.

Ukishachapisha, chukua rula. Pima upana wa mwezi mmoja, kisha pima kimo cha lita 20 kwenye mhimili wima. Vipimo hivyo viwili vikilingana, umbo limefika salama. Mimi hupima nakala ya kwanza palepale kwenye duka la steshenari kabla ya nyingine kutolewa, kwa sababu picha ikishabandikwa kwenye waraka, mtu yeyote anayeivuta kwa ubavu ili ijaze nafasi ameibadili pembe bila kugusa namba hata moja. Ivutwe kwa kona, ili kimo na upana viende pamoja.

Hatua ya tano: grafu zinazolinganishwa zitumie kipimo kimoja

Tuseme kikundi kina vituo viwili, kimoja Kibosho na kingine Marangu, na grafu zao zinawekwa pamoja. Hapo usikitafutie kila kituo nyuzi 45 zake, maana kituo chenye mabadiliko madogo kitaonekana kinapanda na kushuka sawasawa na kile chenye mabadiliko makubwa. Kusanya tofauti za vituo vyote katika orodha moja, tafuta namba moja ya katikati, kisha sentimita za mwezi na za lita ziwe zile zile kwa vyote. Kimoja kikionekana kimelala, ndivyo kilivyo ukikilinganisha na mwenzake.

Hatua ya sita: takwimu za miaka mingi zipe grafu mbili

Njia hii ina mpaka wake. Miaka mitano ina miezi 60, kwa hiyo katika ukurasa ule ule mwezi unapata chini ya sentimita 0.3, na hesabu itakudai kimo cha sentimita 1.7 tu. Usiikatae haraka. Cleveland alionyesha faida ya utepe wa namna hiyo kwa hesabu za madoa ya jua: grafu ilipolazwa, ndipo ilipoonekana kwamba madoa huongezeka kwa haraka kuliko yanavyopungua, jambo ambalo lilijificha mistari yote ilipokuwa imesimama wima. Kwa maziwa, utepe huo utakuonyesha kama kiangazi hukausha kwa kasi kuliko mvua inavyorudisha.

Lakini hautakujibu kama kikundi kinakua. Kwa swali hilo, kokotoa wastani wa miezi 12 unaosogea, yaani kila mwezi uuandikie wastani wake pamoja na miezi 11 iliyoutangulia, ili kupanda na kushuka kwa misimu kufutike. Chora mstari huo katika grafu ya pili, rudia hatua ya pili na ya tatu kwa tofauti zake zenyewe, na chini ya kila grafu andika mwezi mmoja ni sentimita ngapi na lita ngapi zimepewa kimo hicho hicho. Nilipoandika hivyo kwenye kijarida kilichofuata, yule mama aliomba rula kwa katibu, akapima mwenyewe, akanirudishia karatasi na kusema, "Haya, sasa tuzungumzie majani ya kiangazi."