Gudwili ya hoteli ya Malindi: jinsi inavyozaliwa na jinsi inavyopungua

Gudwili haiandikwi vitabuni kwa sababu hoteli inasifiwa mji mzima. Huandikwa siku biashara inaponunuliwa, nayo ni kile kinachobaki kwenye bei baada ya mali zote zinazotambulika kuthaminiwa na madeni kutolewa. Tuchukue mfano: kampuni inanunua biashara ya hoteli ya ufukweni Malindi kwa shilingi milioni 280.

Hatua ya 1: Thamini upya kila kitu

Vitabu vya muuzaji visikufunge. Ardhi na majengo yaliyoandikwa milioni 120 yanaingia kwa thamani ya soko ya siku ya ununuzi, tuseme milioni 170. Samani, jenereta na vyombo vya jikoni ni milioni 25. Amana ambazo wageni wamekwisha kulipia vyumba, milioni 10, ni deni lako sasa.

Hatua ya 2: Tafuta mali zisizoshikika

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye gudwili. IFRS 3, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu ununuzi wa biashara, inataka kila mali isiyoshikika itenganishwe iwapo inaweza kuuzwa peke yake, au iwapo inatokana na mkataba au haki ya kisheria. Moja kati ya hayo mawili inatosha.

Jina la hoteli lililosajiliwa linapita: milioni 20. Mikataba ya miaka 3 na mawakala wa safari wa Italia inapita pia: milioni 30. Wapishi na wahudumu hodari hawapiti, hata kama wao ndio wanaowarudisha wageni, kwa kuwa mwajiri hawamiliki. Orodha ya barua pepe za wageni hukwama ikiwa masharti ya faragha hayaruhusu iuzwe.

Kutenganisha kuna maana kwa faida ya kila mwaka. Mikataba ile itapunguzwa milioni 10 kwa mwaka hadi iishe, ilhali gudwili chini ya IFRS haipunguzwi hivyo. Anayeisukuma mikataba ndani ya gudwili anaipamba faida ya miaka 3 ijayo, na mkaguzi makini ataliona hilo upesi.

Hatua ya 3: Toa

Mali ni 170 + 25 + 20 + 30, yaani milioni 245. Ondoa deni la milioni 10, zinabaki 235. Bei ni 280, kwa hiyo gudwili ni milioni 45. Ada za mawakili na wathamini hazimo humo; ni gharama za mwaka huo. Kama ungenunua hisa za kampuni badala ya biashara yenyewe, kodi iliyoahirishwa, yaani kodi itakayolipwa miaka ya baadaye, ingeingia kwenye hesabu na kwa kawaida ingeikuza gudwili.

Hatua ya 4: Pima kila mwaka

Kwa gudwili, IAS 36, kiwango cha uhasibu kuhusu kushuka kwa thamani ya mali, inadai kipimo angalau mara moja kwa mwaka, hata mambo yakiwa shwari. Gudwili haileti pesa peke yake, hivyo hupimwa pamoja na hoteli nzima. Baada ya mwaka mmoja vitabu vinaonyesha majengo 165, samani 20, jina 20, mikataba 20 na gudwili 45: jumla milioni 270.

Tuseme sasa nchi za Ulaya zimetoa tahadhari ya usafiri kwa pwani, na vyumba vya msimu wa Desemba havijajaa. Makadirio mapya ya pesa kabla ya kodi kwa miaka 5 ni milioni 20, 28, 36, 40 na 40, kisha ukuaji wa 3%. Yaweke kwenye seli B2 hadi F2 za Excel, kwa kiwango cha punguzo cha 16%, kile kinachogeuza pesa za baadaye kuwa thamani ya leo:

```
=NPV(16%,B2:F2)+F2*1.03/(16%-3%)/1.16^5
```

Jibu, linaloitwa thamani ya matumizi, ni takriban milioni 253. Hoteli ikiuzwa leo ingeleta 240 baada ya gharama za kuuza. Chukua kubwa kati ya hizo mbili, 253. Hasara ni 270 toa 253: debiti hasara ya kushuka kwa thamani milioni 17, krediti gudwili milioni 17.

Angalia lakini: takriban milioni 151 kati ya 253 zinatoka baada ya mwaka wa tano. Panda hadi 18% na thamani ya matumizi inaanguka hadi 217; hapo bei ya kuuza, 240, ndiyo inayoshika, na hasara inakuwa milioni 30. Ndiyo maana wasimamizi wasiotaka hasara hupenda kuchezea kiwango cha punguzo na ukuaji. Hila nyingine ni kuingiza mapato ya vyumba ambavyo bado havijajengwa. Katika thamani ya matumizi, hoteli hupimwa ilivyo leo.

Hatua ya 5: Fuata mpangilio wa hasara

Gudwili hubeba hasara kwanza. Ingezidi milioni 45, kinachobaki kingegawanywa kwa majengo, samani, jina na mikataba kwa uwiano wa thamani zao vitabuni, bila kuishusha mali yoyote chini ya kile inachoweza kuleta yenyewe. Hasara ya mali hizo inaweza kurudishwa hali ikiboreka. Ya gudwili hairudishwi kamwe, hata tahadhari ikiondolewa na Waitaliano wakajaza vyumba vyote msimu ujao.