Kununua jibini kwa mara ya kwanza: bichi, lililokomaa na la kusindikwa

Nauza jibini kwenye duka dogo hapa Kirumba, Mwanza. Wateja wengi wapya huanza na swali lile lile: mbona kipande hiki bei yake iko juu na kile iko chini, na vyote vinaitwa jibini? Ukijua unalipia nini, hutahitaji kumtegemea muuzaji.

Hatua ya 1: Tengeneza jibini bichi nyumbani

Chemsha lita 2 za maziwa ya ng'ombe ambayo hayajapunguzwa mafuta. Yakikaribia kuchemka, epua, kamulia ndimu tatu au nne na ukoroge taratibu. Yatakatika: mabonge meupe huku, maji ya kijani-njano kule. Chuja kwa kitambaa safi, weka jiwe juu kwa nusu saa. Utapata gramu 350 hivi, laini na yenye maji mengi.

Hilo ndilo jibini bichi. Bei yake ni ya maziwa na kazi ya siku moja, na sehemu kubwa ya uzito unaolipia ni maji. Hili la ndimu haliyeyuki, kwa sababu asidi imeondoa kalsiamu inayoliwezesha kuvutika. Likate vipande ukaange, litabaki na umbo lake. Mozarela nayo ni bichi, lakini hugandishwa kwa kimeng'enya kiitwacho reneti kisha hukandwa kwenye maji ya moto, ndiyo maana huvutika kwenye piza.

Hatua ya 2: Elewa lililokomaa

Gauda na cheda hugandishwa kwa reneti, hukamuliwa maji, hutiwa chumvi, kisha hukaa kwenye chumba baridi. Kilo 1 hula takriban lita 10 za maziwa. Gauda changa hukaa wiki kadhaa. Kongwe huzidi mwaka, na muda wote huo hugeuzwa na kufutwa huku likipungua uzito. Hapo unalipia maziwa mengi na miezi ya kungoja. Ukiona punje nyeupe ngumu ndani ya gauda kongwe, usilirudishe: zimetokana na protini iliyovunjika, ni dalili ya umri.

Hatua ya 3: Geuza pakiti, soma viambato

Jibini la kusindikwa hutengenezwa kwa kuyeyusha jibini lililokwisha kutengenezwa pamoja na maji na chumvi maalumu, ili mafuta yasijitenge. Kwenye lebo chumvi hizo hujitokeza kama E331, E339 au E452. Si sumu, na kwa mkate wa moto jibini hili huyeyuka vizuri kuliko yote. Unachotakiwa kujua ni kiasi cha jibini kilichomo. Viambato hupangwa kuanzia chenye uzito mkubwa. Maji yakitangulia, au ukikuta mafuta ya mawese, fedha yako inakwenda huko.

Mimi lilinipata. Niliwahi kununua kilo 3 za "mozarela" kwa muuzaji wa jumla bila kusoma lebo. Kwenye oveni ilitoa mafuta ya njano na haikuvutika hata kidogo. Nyumbani nikasoma: maji, mafuta ya mawese, wanga. Tangu siku hiyo kila mzigo mpya nayeyusha kipande kwenye kikaango kikavu kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Geuza kila bei kuwa ya kilo

Dada mmoja anayeanza kuuza mikate ya jibini karibu na stendi alikuja akitaka slaisi za jibini la kusindikwa kwa kuwa "ni za bei rahisi". Tukapiga hesabu. Pakiti ya gramu 200 kwa shilingi 6,000 ni 30,000 kwa kilo. Kipande cha gauda cha gramu 250 kwa 9,000 ni 36,000 kwa kilo. Tofauti ni 6,000 tu, na slaisi zile zilikuwa nusu jibini. Nikamwambia, "Dada, chukua gauda changa, ukwangue kwa kikwangulio." Mkate mmoja ulimtosha gramu 20, yaani shilingi 720.

Hesabu hiyo inakagua hata gauda ya bei ya kutupa. Lita ya maziwa ikiwa 2,000, zile lita 10 za maziwa peke yake kwa kilo ni 20,000. Anayekuuzia kilo kwa 15,000, mwombe lebo.

Hatua ya 5: Nunua kwa kadiri ya friji yako

Joto la ziwani na umeme unaokatika havilisamehe jibini bichi. Nunua la siku mbili tatu. Likiota ukungu, tupa lote. Gauda likiota ukungu, kata sentimita 2 na nusu kuzunguka doa, bila kisu kugusa ukungu, na ule linalobaki. Lifunge kwa karatasi ya kuokea kwanza, kisha mfuko wa plastiki juu yake, maana plastiki peke yake hulitoa jasho.