Kabla hujaanza kusimama dukani, tafuta tofali

Mpwa wangu anaanza Jumatatu kuuza vitenge Makoroboi, hapa Mwanza. Kabla ya viatu, nimemwambia atafute tofali la saruji la nchi sita, alizungushie boksi, alilaze chini ya kaunta.

Kazi yake ni kuegesha mguu mmoja juu, mwingine ukiwa chini, kisha kubadilisha kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Ukisimama wima kutwa nzima, kiuno hubonyea ndani na misuli ya mgongo wa chini hukaza bila kupumzika. Mguu mmoja ukipanda kidogo, nyonga hulegea na ule mbonyeo hupungua. Usiweke kreti ya soda. Mimi niliitumia miezi miwili nikidhani najisaidia: goti linapanda mno, mwili unalalia upande mmoja, jioni maumivu yamehamia nyongani.

Uvimbe ni habari nyingine. Damu ya miguuni hurudi juu kwa kusukumwa na mashavu ya miguu yanapokaza na kulegea. Ukisimama kama mlingoti, pampu hiyo imelala, na maji huvuja toka mishipani yakatuama kwenye vifundo. Kwa hiyo mteja akiondoka, shika kaunta uinue visigino mara kumi na tano, au nenda ukunje vitenge upande wa pili wa duka. Jioni bonyeza muundi kwa kidole gumba sekunde tano. Shimo likibaki, ni maji hayo. Viatu pia vinunue jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Vya asubuhi vitakubana.

Mapumziko yazungumze na bosi kabla ya siku ya kwanza, maana ukishazoeleka kusimama, kuomba stuli kunaonekana uvivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Lakini kukaa na miguu ikining'inia hakupunguzi maji. Jilaze robo saa nyuma ya duka, miguu juu ya robota la vitenge, iwe juu kuliko kifua.

Uvimbe wa kusimama unakuwa miguu yote miwili na asubuhi umepungua sana. Ukivimba mmoja tu, una joto na unauma, usiukande wala kuusugua: huenda ni bonge la damu mshipani, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiambatana na pumzi kubana, usisubiri hata duka lifungwe. Miguu ikiamka bado imejaa, kapime moyo, figo na presha. Mjamzito awahi zaidi, hasa kichwa kikimuuma.

Mpwa wangu ameuliza kama tofali linaweza kupakwa rangi ifanane na kaunta. Linaweza.