Kufungua chaneli ya YouTube: jina, bango, maelezo na rangi

Mdogo wangu ni fundi cherehani Tanga. Aliponiomba nimfungulie chaneli ya kufundisha kushona, tulifuata hatua hizi.

1. Jina. Alitaka jina refu lenye "mitindo" na "ubunifu". Nikamwambia ampigie mteja simu na kumtajia. Mteja akiliandika sawasawa bila kuuliza tena, linafaa. Tukaishia "Cherehani Nyumbani". Kabla ya kulipenda mno, angalia kama anwani yake ya `@` bado haijachukuliwa. YouTube inaruhusu kubadilisha jina mara mbili tu ndani ya siku 14, kwa hiyo amua mapema.

2. Picha ya wasifu. Tengeneza ya pikseli 800 × 800, ukijua kwamba itakatwa duara. Kwenye maoni huonekana ndogo kama ukucha, na maneno hayasomeki kabisa. Tukaweka mkasi mmoja mweupe juu ya kijani, basi.

3. Bango. Hapa ndipo wengi hukwama, na sisi tulikwama. Kipimo ni 2560 × 1440, faili isizidi MB 6. Lakini bango zima huonekana kwenye televisheni tu. Kompyuta huonyesha ukanda wa katikati, na simu hukata hata pembeni. Bango letu la kwanza lilikuwa na jina lililotanda upana wote. Kwenye kompyuta lilipendeza. Nilipofungua simu, "Che" ya mwanzo na "ni" ya mwisho zilikuwa zimekatwa, yakabaki maneno "rehani Nyumba". Mgeni angedhani tunakopesha kwa dhamana ya nyumba! Dawa yake: chora kisanduku cha 1546 × 423 katikati kabisa, na kila neno likae humo. Kwingine kote jaza rangi au kitambaa. Ukishapakia, tazama kwa simu, si kwa kompyuta uliyotengenezea.

4. Maelezo. Una nafasi ya herufi 1,000, ila mtu huona mstari wa kwanza tu kabla hajabonyeza kuendelea. Usianze na "Karibuni sana kwenye chaneli yetu". Sisi tuliandika: "Jifunze kukata na kushona magauni, sketi na sare za shule kwa cherehani ya kawaida. Video mpya kila Jumamosi." Namba ya biashara ikafuata chini. Siku ya video itaje kama una hakika utaitimiza.

5. Rangi na herufi. Chagua rangi mbili, uandike namba zake kwenye daftari, maana kijani cha kukisia hubadilika kila wiki:

```
#0B6E4F
#FFC93C
```

Aina ya herufi iwe moja. Kisha tengeneza kiolezo kimoja cha picha ya jalada la video, 1280 × 720: nguo kulia, maneno matatu au manne kushoto. Kona ya chini kulia iache wazi, kwa sababu YouTube huweka hapo muda wa video. Jalada letu la kwanza lilikuwa na bei ya kitambaa palepale, na hakuna aliyeiona.