Somo: Kutuliza vituta vya nguo ya kubana bila kugusa umbo la mvaaji

Kituta kwenye gauni la kubana ni vitu viwili kwa pamoja: ukingo uliotokeza nje, na mwanga na kivuli vilivyolala juu ya kitambaa. Wengi huvishika vyote kwa Liquify ya Photoshop na kusukuma, ndipo nyonga inapopungua na picha inaacha kufanana na mtu aliyepigwa. Ukingo husukumwa. Kivuli hupakwa. Ukivitenganisha hivyo, mwili hauhami.

Picha ya mfano ina pikseli 4000 kwa 6000. Mwanamke amesimama, gauni la bluu iliyoiva, lastiki ya nguo ya ndani imejichora nyongani, na juu ya kiuno kitambaa kimejikusanya.

1. Chora mstari wa kweli kwanza. Fungua leya tupu uiite "mstari". Weka nukta pale kitambaa kinapolala vizuri juu ya lastiki, nyingine chini yake, uziunganishe kwa mchoro mmoja mwembamba mwekundu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Lastiki imebinya nyama, kwa hiyo kuna bonde katikati na vituta viwili juu na chini. Ukikata vituta hadi usawa wa bonde, umempunguza mwili. Mstari wa kweli hupita kati: vituta vishuke kidogo, bonde lipande kidogo.

2. Sukuma ukingo. Nakili picha kwa Ctrl+J, chagua Convert to Smart Object, kisha Filter > Liquify. Washa Show Backdrop na kwenye Use chagua leya ya mstari, uuone unapofanya kazi. Kwa Freeze Mask Tool funika mkono na kila kilichonyooka nyuma yake, kama fremu ya mlango, ila acha ukanda kandokando ya gauni ili mandhari ipate pa kunyumbuka.

Vituta vyetu vimetokeza kama pikseli 15. Tumia Forward Warp Tool, Size 300, Pressure 20, ukigusa kidogo kidogo. Brashi ndogo kuliko kituta huacha ukingo wenye mawimbi, na mawimbi hayo huonekana hata picha ikiwa ndogo.

3. Paka kivuli. Hatua hii ifuate Liquify, maana leya za juu hazitafuata ukingo ukisogea baadaye. Tengeneza leya mbili za Curves, moja ya kung'arisha na nyingine ya kutia giza, zote Luminosity, na ugeuze maski zake kuwa nyeusi kwa Ctrl+I. Kwa brashi laini nyeupe yenye Flow 3, ng'arisha bonde na tia giza mgongo wa kituta, hadi mwanga uteremke nyongani bila kukatika. Usitafute usawa mtupu: nyonga ni mviringo, lazima iwe na upande wa giza.

Mstari mkali wa lastiki ukibaki, uondoe kwa Healing Brush kwenye leya tupu, Sample ikiwa Current & Below. Chukua kitambaa chenye mwelekeo uleule wa nyuzi.

4. Mikunjo ya kiunoni: chagua ya kubaki. Mikunjo mirefu inayoanzia pale mwili unapopinda ni ushahidi wa pozi, iache. Ondoa ile mifupi inayokatiza. Mshono wa ubavuni ni sehemu ya gauni. Tuliza tu pale ulipokunjamana. Kitambaa kisicho na mkunjo hata mmoja huonekana kama rangi iliyopakwa ngozini.

Mwisho washa na uzime leya zote pamoja. Ukiona kitambaa kimetulia, sawa. Ukiona mtu amehama, rudi kwenye Liquify. Smart Object imehifadhi kila msukumo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gauni likiwa na mistari ya kulala je?*
Mistari hiyo inafuata mwili, kwa hiyo kila msukumo unaonekana. Usiingie ndani ya kitambaa kabisa. Gusa ukingo tu, kisha tazama kama mstari ulio karibu umepinda tofauti na wenzake.

*Kwenye picha yangu mkono umegusa kiuno, na Freeze Mask inaacha kovu ukingoni mwa mkono.*
Maski yako ina ukingo mgumu na msukumo ni mkubwa. Pasipo nafasi kati ya mkono na kiuno, acha Liquify ndugu yangu, na utulize kwa Curves peke yake. Ukingo wa kiuno pale hauonekani, kinachosumbua jicho ni kivuli.

*Kwa satini inatoka madoadoa.*
Mng'ao wa satini una mipaka mikali, na brashi laini inaitia ukungu. Punguza brashi ifikie upana wa mng'ao wenyewe, upake kwa kuufuata urefu wake, usiukatize.