Kabla hujatuma fuwele yenye bromini kupigwa eksrei: mambo ya kuzingatia

Hii naandikia wale wenzangu wa kemia ya mimea hapa Kampala, wale umetoa kitu kwenye ganda la mti, umekisafisha wiki nzima, NMR inakuambia nusu ya stori halafu msimamizi anasema tutengeneze fuwele tuitume nje ipigwe eksrei. Sawa. Lakini ukituma bila kujiandaa data itarudi na hutajua uifanyie nini, kwa hiyo hapa naweka mambo ya kufikiria mapema, na tutatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza uelewe shida yenyewe. Eksrei zikipita kwenye fuwele zinatoka kama madoa maelfu kwenye ditekta, na kila doa ni wimbi lenye vitu viwili, kimo chake na fezi yake, yaani wimbi limefika likiwa limepanda au limeshuka kiasi gani ukilinganisha na mengine. Ditekta inahesabu ukali tu, na ukali ni kimo kikijizidisha chenyewe, basi. Fezi imepotea hapo hapo na hakuna mashine ya kawaida ya maabara itakayokurudishia. Na kuchora ramani ya elektroni unahitaji vyote viwili, tena fezi ndiyo inabeba habari nyingi zaidi ya wapi atomu zimekaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na data safi kabisa na bado hana molekuli.

Mtaalamu wa fuwele Patterson mwaka 1934 akaja na swali zuri: tukichukua kile tulichonacho tu, ukali, bila fezi yoyote, tukikijumlisha vilevile kama tunachora ramani, tunapata nini?

```
P(u,v,w) = (1/V) Σ |F|² cos 2π(hu + kv + lw)
```

Hapo |F| ni kimo cha kila doa, h, k, l ni namba za kulitambulisha doa hilo, na u, v, w ni nafasi kwenye ramani. Unapata ramani ya vekta, si ya atomu. Kila jozi ya atomu inaweka kilele kimoja kwenye nafasi inayosema "kutoka huyu kwenda yule ni mbali hivi, upande huu". Ni kama mtu akupe safari zote za Uganda, Kampala kwenda Jinja, Jinja kwenda Mbale, Masaka kwenda Mbarara, umbali na uelekeo, lakini amefuta majina ya miji na ameanzisha mishale yote kwenye nukta moja. Miji mitatu utaitambua, hamsini utalia.

Sasa mfano wetu. Chukulia una sesquiterpini ya C15H22O3 kutoka Warburgia ugandensis, ina OH moja iliyo wazi, ukaifunga na para-bromobenzoili kloridi kwenye piridini ukapata esta C22H25BrO4. Ukiacha haidrojeni hizo ni atomu 27, na kama seli, yaani kisanduku kinachojirudia ndani ya fuwele, ina molekuli mbili ni atomu 54, kwa hiyo vilele nje ya kitovu ni 54 × 54 kutoa 54, yaani 2862 vyote vimebanana kwenye kisanduku kidogo. Bila atomu nzito hapo huoni kitu. Lakini urefu wa kila kilele unafuata namba za atomu zikizidishwa, kaboni na kaboni ni 6 × 6 = 36, bromini na kaboni 35 × 6 = 210, bromini na bromini 35 × 35 = 1225. Huyo wa mwisho anasimama juu ya wengine wote, na ndiye unayemtafuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia kabla hata hujanunua kemikali ni kama atomu nzito yako ina uzito wa kutosha kwa molekuli yako. Kipimo cha wazee wa kazi hii ni rahisi, Z ikiwa namba ya atomu, jumla ya Z² ya nzito ugawanye kwa jumla ya Z² ya nyepesi, itoke karibu na 1. Kwetu nyepesi ni 22 × 36 + 4 × 64 + 25 = 1073, nzito 1225, jibu 1.14, safi sana. Ukiweka klorini unapata 289 / 1073, karibu 0.27, dhaifu. Ukiweka iodini ni 2809 / 1073, kama 2.6, kilele utakiona haraka lakini baadaye iodini inameza kila kitu na kaboni zako zinakuwa ngumu kuzipima vizuri. Mimi kwa molekuli ya saizi hii bromini ndiyo napenda, bei pia inaeleweka.

Pili, hakikisha bromini iko ndani ya fuwele uliyoshika, sio ndani ya chupa tu. Hapa watu wanaumia sana. Esta ikiwa imebaki na asidi ya para-bromobenzoiki isiyoshikana, hiyo asidi inapenda kutoa fuwele nzuri zinazong'aa kuliko kitu chako, na mtu akiwa na darubini anachagua ile nzuri. Kwenye masi spektrometa tafuta mapacha, bromini ina 79 na 81 karibu sawa kwa sawa, kwa hiyo utaona vilele viwili vya urefu unaokaribiana vimetofautiana kwa 2. Asidi pia ina mapacha, kwa hiyo angalia wako kwenye uzito gani, esta yetu ni kama 432 na 434, asidi ni 200 na 202. Kama unaweza, hiyo TLC na masi ufanye kwa fuwele kutoka kundi lile lile unalotuma. Na fuwele isafiri na tone la maji yake ya kukulia kwenye kichupa kilichofungwa vizuri, kuna fuwele zimebeba solventi ndani, zikikauka njiani kabla hata ya Entebbe zinageuka unga.

Tatu, hesabu ya ujazo wa seli, na hii unaifanya dakika mbili baada ya wao kukutumia seli, kabla data yote haijakusanywa. Kila atomu isiyo haidrojeni inachukua kama angstromu 18 za ujazo. Yetu 27 × 18 = 486, mbili 972. Tuseme wamekutumia seli ya 9.82, 7.45, 13.60 na beta 102.3, ukizidisha pande tatu na sini ya beta unapata 972, ni wewe huyo, molekuli mbili kwenye kundi la simetria P21. Wangekutumia seli yenye 720 hivi, shtuka, hiyo ni asidi molekuli nne (10 × 18 × 4). Ingekuwa 1940 na bado P21, jua una molekuli mbili tofauti na bromini nne kwenye seli, vilele vya bromini vitaongezeka na kazi ya kuvitenganisha ni nyingine.

Nne, andika kwenye karatasi unachotegemea kuona kabla hujafungua orodha. P21 inasema bromini ikiwa x, y, z basi mwenzake yuko -x, y+½, -z. Toa mmoja kwa mwingine, vekta inakuwa 2x, ½, 2z. Kwa hiyo kilele lazima kikae kwenye tabaka la v = ½, hii ndiyo akili ya mtaalamu mwingine wa fuwele, Harker, ya 1936, simetria inakuonyesha tabaka la kutafuta badala ya kuzunguka seli nzima. Urefu nao unahesabika, kitovu ni jumla ya Z² zote kwenye seli, 2 × 2298 = 4596, programu ya SHELXS inakiita 999, basi bromini na bromini inatakiwa iwe karibu 1225 / 4596 × 999, yaani 266. Bromini na kaboni moja ni 46 tu. Faili lenyewe ni fupi:

```
TITL esta
CELL 0.71073 9.82 7.45 13.60 90 102.3 90
ZERR 2 0.002 0.002 0.003 0 0.02 0
LATT -1
SYMM -X, 0.5+Y, -Z
SFAC C H Br O
UNIT 44 50 2 8
PATT
HKLF 4
END
```

Tuseme imetoka 0.420, 0.500, 0.180 na urefu 258. Gawanya kwa mbili, x ni 0.21 na z ni 0.09. Umbali wa bromini hizo mbili unatoka kama angstromu 5.7, inaingia akilini. Ingekuwa kilele kikubwa cha kwanza ni 90 hivi na hakipo kwenye v = ½, usilazimishe, ama bromini imetawanyika sehemu mbili ama kundi la simetria umelikosea ama hakuna bromini kabisa, rudi jambo la pili.

Tano, na hili ndilo la kukaa nalo muda mrefu kwa sababu kitu cha mimea mara nyingi kinaangukia P21. Umeona ramani ya Patterson haikutupa y. P21 haina kitovu cha lazima kwenye y kwa hiyo unajichagulia, tuseme 0.25. Sasa bromini mbili ziko 0.21, 0.25, 0.09 na -0.21, 0.75, -0.09, angalia vizuri, hizo zimepinduana kabisa kupitia kitovu, japo molekuli yako haiwezi kufanya hivyo. Fezi unazozikokotoa kutoka kwa bromini peke yake zitakuwa 0 au 180 tu, hakuna katikati, na ramani ya kwanza itakuletea molekuli yako pamoja na kivuli chake cha kwenye kioo, kioo kikiwa y = 0.25. Atomu ya kweli ikiwa y = 0.38 utaona nyingine ya uongo kwenye 0.12, urefu sawasawa. Carlisle na Dorothy Crowfoot walipofungua iodidi ya kolesteroli, kazi iliyotoka 1945, walikuwa kwenye P21 hii hii.

Dawa yake, usichukue vilele vyote vya ramani ya kwanza hata kama programu inakutamanisha. Anza na pete ya benzini kwa sababu umbo lake unalijua, Br hadi kaboni ni 1.90, kaboni kwa kaboni 1.39, kisha chukua atomu moja au mbili zilizo mbali na kioo, za upande mmoja tu, ukokotoe fezi upya. Sasa fezi zinaanza kupata namba za katikati, kivuli kinafifia, atomu za upande wako zinakua, unaongeza chache, unarudia. Ukichanganya za pande mbili utajua tu, unapata kaboni mbili zina angstromu 0.8 kati yao, na R, kipimo cha tofauti kati ya data na molekuli uliyochora, inakwama juu ya asilimia 30 hata uifanyie nini. Futa, anza tena na atomu chache.

Programu za siku hizi nyingi zinapita hatua hii zenyewe kwa njia nyingine na unaletewa molekuli imekamilika, sawa, lakini ile 266 ikague hata hivyo, ni bure.

La mwisho ni la kuwaambia watu wa mashine kabla hawajaanza. Ule upande wa kioo uliochagua hapo juu ulikuwa bahati nasibu, inaweza kuwa molekuli yako au pacha wake wa mkono wa pili. Bromini inaweza kukuamulia kwa sababu inanyonya eksrei za molibdeni, 0.71 angstromu, kwa namna inayofanya doa hkl na doa -h-k-l visilingane sawasawa, tofauti ndogo lakini ipo. Waombe wakusanye pande zote mbili na wasizichanganye, na wafanye marekebisho ya unyonyaji, maana bromini inakula eksrei na fuwele iliyo ndefu upande mmoja itakupa tofauti za uongo zinazofunika zile za kweli. Ukimaliza angalia kipimo cha Flack, kikiwa karibu 0 na kosa lake dogo, mkono uliochagua ni wenyewe, kikiwa karibu 1 geuza molekuli nzima, na kikiwa 0.4 na kosa la 0.3 usiandike chochote kuhusu mkono kwenye tasnifu yako, data haijasema.