Mpangaji katoweka na vitu kaviacha: namna ya kufungua mlango

Tuseme una chumba Chake Chake, kodi 60,000 kwa mwezi. Mpangaji alilipa mpaka mwisho wa Machi, simu haipatikani, na leo ni tarehe 31 Mei.

Kwanza, jua kama kweli kahama. Mvuvi hukaa dago wiki nzima na zaidi, na msimu wa karafuu huwatoa watu majumbani. Waulize majirani, ndugu na mdhamini wake. Kama hata ndugu hawajui alipo, nenda polisi kabla ya kugusa kitu. Huenda ni mgonjwa au kapatwa na jambo.

Pili, andika notisi ya siku 14, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Taja deni na siku ya kufungua chumba. Mtumie kwa simu, bandika mlangoni, nakala mpelekee sheha. Usiongeze kufuli lako: akirudi usiku akashindwa kuingia, umeshamtoa kwa nguvu.

Hatua ya tatu ndiyo inayozaa kesi. Tarehe 14 Juni fungua mbele ya sheha na majirani wawili wasio jamaa zako, mtu akirekodi video tangu kufuli halijakatwa. Wengi huandika "friji moja", kisha mpangaji hudai ilikuwa mpya. Andika: "friji nyeupe ya mlango mmoja, mpini umevunjika, haijajaribiwa." Begi lenye kufuli usilifungue, lizungushe utepe wa karatasi wenye gundi, mashahidi watie saini juu yake. Pesa zihesabiwe hapo hapo, akabidhiwe sheha kwa maandishi. Chakula kilichooza kitupwe, nacho kiandikwe. Mtungi wa gesi ufungwe, uwekwe penye hewa. Kila shahidi atie saini kila ukurasa.

Vitu vikishahamia stoo siku hiyo, kodi inasimama, maana chumba umeshakipata. Aprili na Mei ni 120,000. Siku 14 za Juni, kwa 2,000 kila siku, ni 28,000. Ongeza 10,000 za fundi aliyekata kufuli kama una risiti, toa dipoziti ya 60,000. Unamdai 98,000, si zaidi.

Kuuza ni jambo jingine. Cherehani inaweza kuwa ya mteja wake, friji ya kaka yake, kwa hiyo dai deni lako mahakamani na usiuze bila amri. Ukiruhusiwa na vikapatikana 150,000, zile 52,000 zinazobaki ni zake. Kitambulisho, pasipoti, vyeti, msahafu na picha haviuzwi wala havizuiliwi kwa deni.

Akitokea kabla ya hapo, mkabidhi vitu mbele ya mashahidi wale wale, atie saini kila mstari wa orodha. Mazungumzo ya deni yafuate baadaye, kwa karatasi ya peke yake.